Cheni, mkanda au shafti: hesabu ya kilomita 160 kwa siku kati ya Moshi na Arusha

Kutoka Moshi mjini hadi Arusha mjini ni kilomita 80 hivi. Mtu anayelala Moshi na kufanya kazi Arusha, akienda na kurudi kwa pikipiki siku 22 za mwezi, anatembea kilomita 3,520 kila mwezi. Ukiondoa likizo, sikukuu na siku za homa, mwaka ukiisha mita imeongezeka karibu kilomita 40,000. Kwa umbali huo, kifaa kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu la nyuma kinaweza kukugharimu pesa nyingi, au kikasahaulika kabisa. Inategemea umechagua nini na unakitunza vipi.

Vifaa hivyo ni vya aina tatu: cheni, mkanda wenye meno, na shafti. Mabishano ya vijiweni huishia kwenye jibu moja, kwamba shafti ndiyo bora kwa sababu haina kazi. Jibu hilo ni la kweli kwa kiasi, lakini linaruka jambo kubwa. Pikipiki za cc 100 hadi 150 zinazouzwa kwetu karibu zote ni za cheni. Mkanda na shafti huja na pikipiki kubwa zilizotumika nje, zenye uzito wa kilo 200 na zaidi, kwa hiyo hununui shafti peke yake. Unanunua injini kubwa, matairi ya bei, na petroli ya kuilisha. Mimi naona kwamba kwa msafiri wa kila siku wa barabara hii, cheni bado ndiyo chaguo la busara, ila si cheni ya wazi inayopakwa oili chafu kama tunavyoizoea. Nieleze kwa nini, nikianza na hiyo cheni yenyewe, maana ndiko pesa nyingi hupotelea.

Cheni ya pikipiki ndogo huandikwa 428 kwenye mabamba yake. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni milimita 12.7. Chukua pikipiki yenye cheni ya pingili 118, sproketi ya nyuma yenye meno 42, na tairi la 3.00-17. Safari moja ya kilomita 80 inaizungusha cheni hiyo nzima takribani mara 15,500, na katika kila mzunguko kila kiungo kinajikunja na kujinyoosha kinapoingia na kutoka kwenye sproketi mbili. Kazi yote hiyo inafanyika mahali pamoja padogo, pale pini inaposuguana na bushi. Cheni inaposemwa imerefuka, chuma hakijavutika. Pini zimelika na bushi zimepanuka, kila kiungo kimeongeza nafasi ndogo, na nafasi 118 zikijumlishwa zinaonekana.

Hapo ndipo vumbi letu linapoingia. Ukishuka kutoka Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenda Moshi iliyo chini ya mita 900, unapita Usa River, Kikatiti, njia panda ya KIA na Boma Ng'ombe. Kiangazi, upepo wa nyanda za Hai hubeba vumbi laini kama unga na kulilaza barabarani. Masika, magari huburuta tope la njia za mashambani hadi juu ya lami, na tairi lako la nyuma hulirusha moja kwa moja kwenye cheni. Punje hizo zikichanganyika na mafuta yanayonata zinageuka kuwa dawa ya kusagia, nayo husaga kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na muda kama huo kila jioni.

Kwa sababu hiyo oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ndiyo adui wa kwanza wa cheni. Inaonekana bure, lakini imebeba masizi na chembe za chuma kutoka injini, na inaruka kwenye rimu dakika chache baada ya kuondoka. Grisi ya beringi nayo haifai. Ni nzito mno kupenya kati ya mabamba, inakaa juu na kuokota vumbi. Kinachofaa ni oili ya difu, 80W-90 au namba 90, kwa kiasi kidogo na kwa wakati wake.

Wakati wake ni jioni, mara baada ya kufika nyumbani, cheni ikiwa bado ya moto. Oili ya difu ikikuta chuma cha moto inakuwa nyepesi na kuvutwa ndani, ikipoa inashika. Inua pikipiki kwenye stendi kubwa, zima injini, weka gia huru, na zungusha gurudumu kwa mkono. Usiwashe injini ili cheni ijizungushe, kwani vidole vimekatika kwa njia hiyo. Kama kuna tope, futa kwanza kwa brashi na mafuta ya taa, kisha kausha kwa tambara. Dondoshea oili upande wa ndani wa cheni, mkono wa chini, kwenye maungio ya mabamba ya kushoto, kisha rudia kulia. Cheni inapokimbia, mzunguko wenyewe unaisukuma oili kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo ukipaka upande wa nje unailisha barabara. Mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai, zinatosha kabisa. Iache ilale usiku, na asubuhi futa ya juu hadi tambara lisitoe tone. Cheni iliyotunzwa vizuri kwa nje inaonekana karibu kavu.

Kwa cheni ya kawaida, rudia kila kilomita 500, ambayo kwa msafiri wetu ni kila siku ya tatu au ya nne. Baada ya mvua kubwa usisubiri hesabu.

Kuna cheni ya aina ya pili ambayo wengi hawaiulizii madukani, ile ya oringi. Kati ya bamba la nje na la ndani kuna pete ndogo ya mpira iliyofungia grisi ndani ya kila kiungo tangu kiwandani, kwa hiyo vumbi halifiki kwenye pini. Oili unayoweka wewe ni ya kulinda rola, sproketi na zile pete zisikauke. Hiyo inatosha kupakwa kila kilomita 800 hivi. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi laini tu. Petroli hukausha na kupasua pete, na brashi ya waya huzichana. Pete zikishatoka, grisi ya ndani nayo inaondoka na huwezi kuirudisha, na viungo vile vitakufa mapema kuliko vya cheni ya bei rahisi.

Sasa, utajuaje cheni imefika mwisho? Kuna njia ya rula: vuta cheni inyooke, pima pingili 20, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 256.5, imelika kwa asilimia 1, anza kutafuta seti mpya. Ikifika 259, ni asilimia 2, na hapo kuendelea nayo ni kuila sproketi. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

Njia nyingine haihitaji rula kwenye cheni kabisa, nami naipendelea kwa sababu ni vigumu kuikosea. Siku unapofunga seti mpya, weka alama kwa msumari kwenye swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, pale ekseli ilipo. Cheni ya pingili 118 ina urefu wa milimita 1,499 hivi; ikiongezeka asilimia 1 imeongezeka milimita 15, na gurudumu limerudi nyuma nusu ya hapo, milimita 7.5. Ekseli ikiwa imerudi milimita 15 kutoka kwenye alama yako, cheni imefika asilimia 2. Njia hii inafanya kazi kwa sharti moja, kwamba hakuna aliyekata cheni.

Na hapo kuna tabia ya gereji zetu ambayo inapaswa kuachwa. Kirekebisho cha kukazia cheni kikifika mwisho, fundi anatoa pingili mbili na gurudumu linarudi mbele milimita 12.7. Mteja anafurahi kwa sababu amelipa pesa ya soda. Lakini kila kiungo kilichobaki bado kimelika vilevile. Umbali kati ya rola haulingani tena na umbali kati ya meno, mzigo unabebwa na meno mawili matatu badala ya kugawanywa kwa yote yaliyoshikana na cheni, na meno yanaanza kupinda kama ndoana. Ndiyo sababu ileile ya kubadili cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja: cheni mpya juu ya sproketi iliyolika huharibiwa ndani ya wiki chache.

Kukaza nako kuna kanuni zake. Zungusha gurudumu ukitafuta mahali cheni ilipokaza zaidi, kwa sababu karibu kila cheni iliyotumika ina sehemu kaza na sehemu legevu. Hapo ilipokaza, katikati ya mkono wa chini, isukume juu na chini kwa kidole. Pikipiki nyingi ndogo zinataka mchezo wa milimita 25 hadi 35. Fuata namba iliyobandikwa kwenye swingamu kama ipo. Legeza nati ya ekseli, kisha zungusha virekebisho vya pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Alama za kiwandani hazilingani daima, kwa hiyo hakiki kwa kamba: pima kutoka katikati ya bolti ya swingamu hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, vipimo viwe sawa. Kaza nati, kisha kumbuka breki. Kwenye breki ya ngoma, gurudumu likirudi nyuma fimbo ya breki inavutwa, na ukiondoka bila kuilegeza breki itashika njia nzima na habu itachemka kabla hujafika Tengeru.

Wengi hukaza kupita kiasi wakidhani ndiyo usalama. Abiria akipanda, swingamu inapanda na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, hivyo cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inavuta beringi ya shafti inayotoka giaboksi. Oili ikianza kuvuja nyuma ya sproketi ya mbele, mara nyingi chanzo ni hicho. Cheni iliyolegea kidogo ina madhara madogo kuliko iliyokazwa kupita kiasi.

Tuje kwenye pesa. Bei hizi ni za mfano ili hesabu ionekane, nawe weka za duka lako. Tuseme seti ya kawaida, cheni na sproketi mbili, ni shilingi 45,000 na ufundi 5,000. Seti yenye cheni ya oringi tuseme 120,000 na ufundi uleule. Oili ya difu lita moja, 12,000. Kwa umri, cheni ya kawaida inayopakwa oili chafu tuipe kilomita 6,000, inayotunzwa kama nilivyoeleza 12,000, na ya oringi 25,000.

Kwa kilomita 40,000 za mwaka, yule wa oili chafu anamaliza seti sita na zaidi: karibu shilingi 333,000. Mwenye cheni ileile anayepaka kila kilomita 500 anatumia seti tatu na theluthi, shilingi 167,000, pamoja na oili lita 1.2 ya shilingi 14,400. Jumla ni karibu 181,000. Mwenye oringi anatumia seti moja na zaidi kidogo ya nusu, shilingi 200,000, na robo tatu ya lita ya oili, jumla 209,000. Kwa hiyo oringi haishindi kwa bei. Anachonunua mtu wa oringi kwa hiyo tofauti ya shilingi 28,000 ni jioni 30 ambazo hainami chini ya pikipiki, na kukaza mara chache zaidi. Aliyeshindwa vibaya ni yule aliyepata oili ya bure, kwani amelipa zaidi ya shilingi 150,000 juu ya mwenzake mwenye cheni ileile.

Kuhusu kelele, cheni ndiyo yenye sauti kuliko zote, na haina namna ya kunyamaza kabisa. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, rola zaidi ya 400 zinagonga meno kila sekunde. Tena cheni haiviringi kwa duara kamili. Inajikunja kwa pembe. Kwenye sproketi ya mbele yenye meno 14, kasi ya cheni inapanda na kushuka kwa asilimia 2.5 kila jino linapopita. Ukiweka sproketi ya mbele ndogo zaidi ili pikipiki ipande vizuri kutoka Moshi kwenda Arusha, unaongeza mtetemo huo pamoja na ulaji. Lakini sauti za cheni zinasomeka. Mlio mkavu wa kusaga unaofuata kasi ya gurudumu ni ukavu wa rola. Sauti inayokuja na kupotea kila mzunguko ni sehemu kaza, pengine pingili iliyoshika kutu. Kugonga kwenye swingamu unapoachia mafuta ni ulegevu, na ukiuacha utaona raba ya swingamu imechimbika.

Mlio mmoja huwadanganya hata mafundi. Unavuka tuta, unafungua mafuta, na nyuma kunasikika kishindo. Cheni inakazwa, kishindo kinabaki. Mara nyingi ni raba za habu, zile zinazokaa kati ya sproketi ya nyuma na gurudumu kupunguza mshtuko. Shika gurudumu lisisogee, tikisa sproketi ya nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Ikicheza kwa uwazi, raba zimekwisha. Kwa barabara yenye matuta kila kijiji, raba hizi hufa mapema, na zikifa cheni mpya inapokea mshtuko wote uliokuwa wao.

Mkanda. Kwanza tuondoe mkanganyiko: skuta pia zina mkanda, lakini ule ni wa kubadilisha gia, uko ndani ya kasha, na baada yake kuna gia za kupunguza mwendo kabla ya gurudumu. Mkanda ninaouzungumzia una meno, uko mahali pa cheni, na ndani yake kuna nyuzi imara zisizovutika. Harley-Davidson wamekuwa wakiutumia tangu 1980. Haupakwi kitu, haurushi mafuta, hauhitaji kukazwa mara kwa mara, na kwa ukimya unashinda vyote viwili. Ukipiga kelele ya kulialia, mara nyingi ni vumbi au gurudumu lililokaa upande, na dawa yake ni maji na sabuni laini.

Basi kwa nini siupendekezi? BMW wametoa jibu bila kukusudia. Mwaka 2006 walitoa F800ST, pikipiki ya safari za lami, wakaiwekea mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 40,000. Walipoichukua injini ya familia ileile na kutengeneza F800GS ya barabara za vumbi, iliyotoka 2008, wakaweka cheni. Jiwe likiingia kati ya meno ya mkanda na puli, mkanda hauna pa kukwepea kama cheni yenye mianya. Unalikumbatia na kulikandamiza. Jiwe dogo linaweza kutoboa tundu au kukata nyuzi za ndani huku mpira wa juu ukionekana mzima. Ukishuka pembeni mwa lami kupisha basi, au ukipita mchepuko wa kokoto wakati wa matengenezo, unacheza na hatari hiyo kila siku.

Kubaya zaidi ni pale unapokatika. Cheni ikikatika Kikatiti, utapata kiungo na klipu kabla chai haijapoa, ukakumbuka tu kufunga klipu upande wake uliozibwa ukielekea cheni inakokimbilia. Mkanda hauungwi. Ni duara moja kutoka kiwandani, na kwenye pikipiki nyingi swingamu lazima ifunguliwe ili uingie. Mwenye mkanda anapaswa kuwa na wa akiba nyumbani, ukiwa umehifadhiwa kwa mviringo mpana. Ukiukunja kwa nguvu ili uingie kwenye mfuko, unavunja nyuzi zilezile zinazoubeba. Kila mwezi kagua kwa tochi: ufa kwenye shina la jino, jino lililomeguka, ukingo unaotoa nyuzi. Kimoja kati ya hivyo kikionekana, usifunge safari ya kesho nao.

Kwa hesabu ya mwaka, kilomita 40,000 ni mkanda mmoja wa F800ST, wa kuagizwa. Kwa mtu anayetembea kilomita chache hilo ni badiliko la baada ya miaka kadhaa, kwetu ni la kila mwaka.

Shafti ndiyo yenye heshima kubwa, na inastahili. BMW waliiweka kwenye pikipiki yao ya kwanza, R32 ya mwaka 1923, na hadi leo R zao kubwa zinaitumia. Kwa mafundi wetu si ngeni, kwani maguta mengi ya magurudumu matatu yanaendeshwa kwa propela na difu. Nguvu inapita kwenye fimbo ya chuma ndani ya bomba, inapinda nyuzi 90 kwa gia mbili za koni, na zote zinaogelea kwenye oili. Vumbi la Boma Ng'ombe haliihusu shafti.

Utunzaji wake ni oili ya difu GL-5, 80W-90, chini ya robo lita kwa pikipiki nyingi. Ukibadili kila kilomita 10,000, mwaka mzima unatumia lita moja au pungufu. Hiyo ni gharama ndogo kuliko zote nilizotaja. Lakini kila unapofungua bolti ya kumwagia, soma sumaku yake. Ujiuji laini wa kijivu ni kawaida. Magamba au vipande vinavyochoma kidole ni beringi au jino la gia linaloanza kubomoka, na kuendelea kuendesha ni kuyapeleka magamba hayo kwenye beringi nyingine.

Kasoro yake ni kwamba haifi kidogo kidogo kama cheni. Inakaa kimya miaka, kisha inadai yote kwa mara moja. Sili ikichoka, oili inavuja na kwenye baadhi ya miundo inaelekea kwenye tairi au breki ya nyuma. Meno ya maungio ya shafti yakikosa grisi yake maalumu wakati gurudumu linapofunguliwa, yanakauka, yanaota kutu nyekundu kama unga na hatimaye yanalika hadi injini inazunguka na gurudumu halisogei. Krosi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kujipinda, ikilegea, utaisikia kama mtetemo kwenye mwendo fulani unaopotea ukiongeza au kupunguza. Seti ya gia za nyuma ya kuagizwa inaweza kumeza akiba yote uliyoipata kwa miaka kadhaa ya kutonunua cheni, na utaingoja huku ukipanda basi.

Ipo pia nguvu inayopotea. Cheni safi inapitisha karibu nguvu yote inayopewa. Shafti hupoteza zaidi kwenye zile gia za kupinda na kwenye oili inayozikoroga. Injini ya cc 1,200 haisikii. Injini ya cc 150 yenye abiria na mzigo, ikipanda karibu mita 500 kutoka Moshi hadi Arusha, ingesikia kila asubuhi.

Kama tayari una pikipiki kubwa kwa sababu nyingine, na unachagua kati ya ya cheni na ya shafti zenye umri mmoja, chukua ya shafti kwa njia hii ya lami, baada ya kuikagua. Inua gurudumu la nyuma, lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta: likicheza kwa uwazi, beringi ya difu imeanza kwenda. Weka gia ya kwanza, zungusha gurudumu mbele na nyuma. Mchezo mdogo wenye mlio laini ni wa kawaida, mchezo mpana wenye kugonga chuma si wa kawaida. Kisha omba bolti ya kumwagia ifunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kwa wengine wote, yaani walio wengi, ningerudisha kitu tunachokitupa wenyewe: kasha la cheni, lile linalofunika cheni yote juu na chini. Pikipiki kadhaa za kazi hutoka nalo kiwandani na madereva hulivua wiki ya kwanza kwa sababu linapiga kelele na linaficha cheni. Linafanya kazi ileile inayoifanya shafti idumu, kuzuia vumbi na tope, kwa sehemu ndogo sana ya bei, na linapunguza hata sauti ya cheni. Kelele yake hutoka kwenye bolti zilizolegea. Weka washa za raba chini ya kila bolti na itulie. Kuhusu kuficha, mengi yana kizibo cha mpira upande wa chini cha kupimia mchezo kwa kidole na kudondoshea oili bila kufungua chochote. Ukitaka kuweka cheni ya oringi ndani yake, kumbuka ni pana kidogo kuliko ya kawaida: izungushe kwa mkono mizunguko miwili mitatu ukisikiliza kama inakwaruza kasha au kava la sproketi ya mbele kabla ya kuwasha. Na kagua sehemu ya chini kabisa ya kasha kama ina tundu la kutolea maji. Kama halipo au limezibwa na tope, toboa la milimita 5 au 6, la sivyo masika cheni italala ndani ya maji usiku kucha.